Konti imeongezeka, bunga imepunguka: hesabu ya faida ya kweli



Kila mwanzo wa mwaka, kwenye ofisi yetu ya sindika, tunapokea watu wanaokuja na karatasi ya banki mkononi. Hawalii mwizi. Feza yao iko yote, na tena imeongezeka kidogo, kwa sababu banki imetia faida yake ya mwaka. Lakini ulizo lao ni moja: «Feza yangu iko paka mule mu banki, hakuna mutu aliigusa, sasa juu ya nini haitoshe tena kununua vile vitu nilipanga kununua?»

Ulizo hili si la ujinga. Ni ulizo la hesabu, na jibu lake linapatikana kwa kalamu moja na karatasi. Leo tunataka tuifanye hii hesabu pamoja, pole pole, kwa sababu inagusa akiba, inagusa likelemba, na inagusa hata dekonti finali ambayo wengi wetu tunaingojea.

Faida mbili, si moja

Unapoweka feza kwenye konti ya akiba, banki inakuambia: tutakulipa 6 kwa mia kwa mwaka. Hiyo 6 iko imeandikwa kwenye karatasi, na banki itailipa kweli. Watu wa banki wanaiita faida nominali. Sisi tutaiita faida ya karatasi.

Lakini mtu hali karatasi. Mtu anakula bukari, anavaa nguo, analipa nyumba na masomo ya watoto. Kwa hiyo kuna faida ya pili, ambayo haiandikwe popote kwenye kitabu cha banki: ni kiasi gani cha vitu feza yako inaweza kununua leo, ukilinganisha na siku uliyoiweka. Hiyo inaitwa faida reeli, ni kusema faida ya kweli. Ile ya kwanza inahesabu franka. Hii ya pili inahesabu mifuko ya bunga.

Faida ya karatasi karibu kila mara ni zaidi ya sifuri. Faida ya kweli inaweza kuwa chini ya sifuri, na hapo ndipo akiba inayeyuka bila kuibwa.

Tuhesabu kwa mifuko

Tuseme kamaradi mmoja ameweka franka 1,000,000 kwenye konti, mwezi wa kwanza. Banki inalipa 6 kwa mia. Siku ile, mfuko wa bunga wa kilo 25 unauzwa franka 40,000. Tunachukua hizi namba kuwa mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kila mtu ataweka za soko lake.

Siku anaweka feza, milioni yake ni sawa na mifuko 25. Gawa 1,000,000 kwa 40,000, unapata 25.

Mwaka unapita. Banki inaongeza 60,000. Sasa konti ina 1,060,000. Kamaradi anafurahi. Anaenda sokoni, anakuta mfuko ni 48,000, maana bei imepanda 20 kwa mia. Gawa 1,060,000 kwa 48,000: unapata mifuko 22 na kidogo tu juu yake. Alikuwa na 25. Karibu mifuko 3 imepotea.

Nani ameichukua? Hakuna mtu alikuja usiku. Banki imelipa yote iliyoahidi. Ila bei zilikimbia 20 wakati faida ilitembea 6.

Kwa hesabu ya haraka, watu wanatoa tu: 6 kutoa 20, inabaki 14 chini ya sifuri. Hii njia ni nzuri wakati namba ni ndogo, kama faida 3 na bei 2. Lakini wakati bei zinapanda mingi, inazidisha hasara. Njia ya haki ni kugawanya. Chukua 100 uongeze faida: 106. Chukua 100 uongeze kupanda kwa bei: 120. Gawa 106 kwa 120, unapata 0.883. Ni kusema kila franka 100 ya nguvu uliyoweka imebaki 88 na kidogo. Umepoteza karibu 12 kwa mia, si 14. Ndiyo ile ile mifuko 22 juu ya 25.

Kiisha kuna fre za kutunza konti. Tuseme banki inakata franka 2,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 24,000. Ile faida ya 60,000 inabaki 36,000, na faida ya karatasi haiko tena 6, imekuwa chini ya 4. Kamaradi anabaki na mifuko 21 na nusu. Kwa konti ndogo mambo ni mabaya zaidi: mwenye franka 400,000 anapata faida ya 24,000, na fre zinakula 24,000 yote. Faida yake ya karatasi ni sifuri kabla hata hatujaongea bei.

Mwaka 2017, hapa kwetu

Wengine watasema ni mifano ya kuandika. Basi tuchukue mambo yaliyotokea katika Kongo yetu.

Mwisho wa mwaka 2015, dola moja ilikuwa karibu franka 930. Lakini wakati ule bei ya shaba duniani ilikuwa inaanguka. Mwanzo wa 2016 tani moja ilikuwa chini ya dola 5,000. Sisi wa mina tunakumbuka vizuri ile miezi. Mina zikipata kidogo, serikali inapata kidogo, na dola zinazoingia katika inchi zinapunguka. Franka ikaanza kushuka. Mwisho wa 2017, dola moja ilikuwa karibu franka 1,600. Na kwa sababu vitu vingi tunavyokula na kuvaa vinatoka inje, bei zikafuata. Kwa mwaka 2017 peke yake, bei zilipanda karibu 55 kwa mia.

Banki Kuu ya Kongo ilifanya nini? Ilipandisha kiwango chake, kile inachotoza banki zingine zinapokopa kwake. Kutoka 2 kwa mia ilienda 7 mwaka 2016, kiisha 14, na katikati ya 2017 ikafika 20. Mtu akisikia 20 kwa mia kwenye redio, anafikiri: ile ni feza mingi. Sasa tufanye hesabu yetu. Tuseme mtu alipata faida ya 20 mwaka mzima. Gawa 120 kwa 155. Unapata 0.774. Yule aliyelipwa 20 kwa mia alibaki na nguvu ya 77 juu ya 100. Alipoteza zaidi ya moja ya tano, na karatasi yake inaonyesha faida kubwa.

Na hakuna mfanyakazi aliyelipwa ile 20. Kiwango cha Banki Kuu ni bei kati ya banki na banki. Mwenye konti ndogo ya akiba anapata kidogo sana kuliko pale. Aliyepata 5 kwa mia mwaka ule, gawa 105 kwa 155: alibaki na 68 juu ya 100. Theluthi karibu nzima iliondoka kwa mwaka mmoja.

Hili tulikumbuke kila mara tunaposikia matangazo. Mwezi wa 8 mwaka 2023, Banki Kuu ilipandisha kiwango kutoka 11 hadi 25 kwa mia. Mwaka ule bei zilipanda karibu 24. Mwaka 2024 bei zilipanda karibu 12, na kiwango kilikuwa bado 25. Ukitazama 25 juu ya 12, unaona faida ya kweli ni nzuri, zaidi ya sifuri. Ni kweli kwa banki iliyo na feza pale. Kwa mwenye konti anayelipwa 4, mwaka ule ule ulikuwa wa hasara: 104 gawa kwa 112, inabaki karibu 93. Mwaka mmoja, inchi moja, franka moja. Mmoja amepata, mwingine amepoteza. Kwa hiyo usiulize tu «kiwango ni ngapi?» Uliza «kiwango changu mimi ni ngapi, na bei zangu zinapanda ngapi?»

Wazee wetu walionja mbaya zaidi

Vijana wanacheka wakiona babu ametunza kitabu cha akiba cha wakati wa Zaïre. Wasicheke. Mwaka 1967, wakati zaire ilianza, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2. Mtu aliyeweka zaire 100 alikuwa mtu. Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, na moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, na franka 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha zote mbili: franka 1 ni zaire za zamani miliari 300.

Kile kitabu cha babu kinaweza kuwa na faida iliyoandikwa kila mwaka kwa mwandiko mzuri. Namba ziko, muhuri uko. Faida ya karatasi ililipwa. Lakini nguvu yote ilikufa. Ndiyo sababu mpaka leo, katika kila feza 10 zinazowekwa katika banki za Kongo, karibu 9 ni dola. Watu hawakufundishwa shuleni faida ya kweli ni nini. Waliisoma kwenye soko.

Dola nayo si dawa ya kila kitu

Wengi wanasema: basi weka dola, mambo yameisha. Kwa mtu anayeweka akiba ya miaka mingi, dola imelinda zaidi kuliko franka, hatukatai. Lakini hesabu ni ile ile, haibadiliki.

Dola inapanda bei hata kwao Amerika. Mwezi wa 6 mwaka 2022, bei kule zilikuwa zimepanda 9 kwa mia kwa mwaka mmoja. Mwenye konti ya dola hapa, anayelipwa 2 kwa mia, alikuwa anapoteza nguvu hata kwa hesabu ya kule.

Tena sisi tunanunua hapa, si kule. Mwaka 2025 tuliona jambo watu wengi hawakuzoea: franka ilipata nguvu, dola ikashuka kutoka karibu franka 2,850 mwanzoni mwa mwaka mpaka chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha. Wenye dola walitarajia bei za sokoni zishuke na dola. Vitu vingi havikushuka kwa mwendo ule. Kwa hiyo aliyevunja dola 100 alipata franka kidogo, na bei zilimngojea pale pale. Konti yake ya dola haikupunguka hata senti moja, lakini mifuko ilipunguka.

Bei zako si bei za inchi nzima

Kuna kosa lingine ambalo linawadanganya watu. Ile namba ya kupanda kwa bei inayotangazwa ni wastani. Inachanganya bunga na simu, makala na tiketi ya ndege. Jamaa ya mchimbaji mwenye watoto sita hainunui ndege. Sehemu kubwa ya mushahara inaenda kwa chakula, makala, nyumba na masomo.

Huku Katanga tunajua bunga yetu mingi inavuka Kasumbalesa. Mwaka 2024, ukame ulipiga mahindi ya Zambia, na Zambia ikazuia mahindi na bunga visitoke. Bei ya mfuko katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilipanda kwa haraka kuliko wastani wa inchi. Mwaka ule wastani ulisema 12. Nyumba nyingi za wachimbaji ziliona zaidi.

Dawa ni mama wa nyumba aandike. Chukua kaye ya shule. Tarehe moja kila mwezi, andika bei ya vitu vitano au sita ambavyo mnanunua kila mara: mfuko wa bunga, mfuko wa makala, litre ya mafuta, samaki, nyumba, masomo. Andika na mnatumia vingapi kwa mwezi. Jumla ya mwezi huu, linganisha na jumla ya mwezi kama huu mwaka uliopita. Kama ilikuwa 500,000 na sasa ni 590,000, bei za nyumba yenu zimepanda 18 kwa mia. Msilinganishe mwezi wa 3 na mwezi wa 6, maana mahindi yana majira yake. Hiyo 18 ndiyo muweke kwenye hesabu, upande wa chini.

Likelemba na dekonti: pale faida ni sifuri

Likelemba ni akiba isiyolipa faida. Tuwaze watu 10, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anabeba 500,000. Wa kwanza anabeba wakati mfuko ni 40,000: ananunua 12 na nusu. Wa 10 anabeba miezi 9 baadaye, tuseme mfuko umefika 46,000: ananunua chini ya 11. Wametoa feza sawa, wamebeba feza sawa, lakini hawakubeba bunga sawa. Kama mstari haubadiliki kila mzunguko, yule wa mwisho anawalipia wenzake bila kujua. Kwa hiyo mzunguko unaofuata, wa mwisho awe wa kwanza. Ba mama wengine wamepata akili zaidi: wanahesabu likelemba kwa mifuko. Kila mmoja anatoa bei ya mfuko mmoja wa siku ile, na yule wa zamu anabeba mifuko 10 hata bei ikiwa ngapi.

Na dekonti finali? Hapa ndipo sisi wa sindika tunapigana sana. Mfanyakazi ameacha kazi, anastahili franka 6,000,000. Kwa ile bei yetu ya mfano, ni mifuko 150. Mwajiri anasema ngoja. Mwaka mzima unapita, bei zimepanda 20, kiisha analipa 6,000,000 kamili na mtu anatia sinyatiri kwamba amepokea yote. Amepokea mifuko 125. Ni kana kwamba alimkopesha mwajiri kwa faida ya sifuri, na faida ya kweli ya karibu 17 chini ya sifuri. Franka 1,000,000 ya nguvu imebaki upande wa pili. Ndiyo sababu kwenye mazungumzo hatuombi tu feza. Tunaomba tarehe, na tunaomba iandikwe kwamba ikichelewa, ihesabiwe kwa dola ya siku ya kuacha kazi au iongezewe kupanda kwa bei.

Ya kuuliza kabla ya kuweka

Hatusemi watu waondoe feza katika banki na kuificha chini ya kitanda. Chini ya kitanda faida ya karatasi ni sifuri, na mwizi anaweza kuja, na moto pia. Feza ya mwezi huu na ya mgonjwa wa ghafula inafaa kukaa mahali inapopatikana haraka, hata kama inapoteza kidogo. Ni ile feza ya mwaka na zaidi ambayo inataka hesabu.

Kwa ile, uliza banki mambo manne. Kiwango ni ngapi kwa mwaka, si kwa miezi mitatu? Fre zote kwa mwaka ni ngapi? Nikiifunga kwa depo ya muda, miezi 6 au 12, nalipwa ngapi, na nikiitoa mbele ya tarehe napoteza nini? Kiwango kinaweza kubadilika katikati? Kiisha gawa, namna tulivyofanya. Angalia pia: ukifunga feza ya franka mwaka mzima, na bei zikiruka katikati, huwezi kuikimbiza.

Wengine wanageuza akiba kuwa vitu. Ni njia, ila kila kitu kina mdudu wake. Mabati na tofali za kuchoma zinangoja miaka. Simenti haingoje, baada ya miezi michache, hasa wakati wa mvua, inakuwa jiwe ndani ya mfuko. Bunga inaingia wadudu. Kiwanja kinashika bei vizuri, lakini kiwanja bila karatasi za haki ni hasara kubwa kuliko ile ya banki, na hakiuzwe kwa siku moja mtoto akiugua.

Mwezi huu, mtu akikuonyesha kiwango cha faida, 6, 10, hata 20, usiseme bado ni nzuri au ni mbaya. Fungua kwanza kaye ya mama wa nyumba, tazama bei zenu zimepanda ngapi. Kama ile ya kaye ni kubwa kuliko ile ya banki, basi unajua ni mifuko mingapi itakosa mwisho wa mwaka, na unaweza kuamua ukiwa unajua.